Barua ya Kumwomba Mwajiri Ada ya Mtihani na Muda wa Kusoma

Juma hili twazungumza na dada na binti zetu walio kazini ambao pia wanajifunza lugha ya kigeni. Twawaomba na wazazi na waume wao wakae wasikilize, kwa kuwa jambo hili huanzia ofisini likaishia mezani pa familia: mshahara unaokatwa ni wa nyumba nzima, na zamu inayobadilishwa hubadilisha pia nani atakayebaki na watoto.

Mfano wetu ni wa mhudumu wa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, anayejifunza Kijerumani. Hoteli hiyo na mhudumu huyo tumewabuni sisi, na hesabu za fedha tutakazozitaja ni za mfano. Lakini hali yenyewe si ya kubuni. Wageni wanaosema Kijerumani wamekuwa wakija katika fukwe zetu kwa miongo mingi, na wahudumu wengi wamejifunza maneno yao ya salamu, bei na njia. Kutoka hapo hadi kumwelewa mgeni anayelalamika kwamba maji ya moto hayatoki, na kumjibu kwa adabu, kuna mwendo mrefu. Mtihani ndio unaothibitisha kwamba mwendo huo umekamilika.

Lugha za Ulaya hupimwa kwa viwango sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Dada yetu amekwisha kumaliza A2 na yuko katika masomo ya B1. Hapa nchini mtihani wa Kijerumani unaojulikana zaidi ni ule wa Taasisi ya Goethe, Nairobi. Mtihani wake wa B1 una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina alama 100, na anayepata 60 amefaulu sehemu hiyo. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sehemu hizo nne husimama kila moja peke yake. Aliyefaulu tatu akaanguka moja haanzi upya; hurudia ile moja tu. Tutaona punde jinsi jambo hili linavyoisaidia barua.

Wengi wanaoketi kuandika barua ya namna hii huomba ada pekee. Twaona ni kuomba nusu ya haja, tena ile nusu nyepesi. Taasisi yenyewe hukadiria kwamba mtu anahitaji vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45 tangu anapoanza lugha hadi kufikia B1. Tuchukue ile idadi ndogo, 350. Mwenye darasa mara mbili kwa juma, vipindi vitatu kila siku, hupata vipindi sita kwa juma, na atamaliza kwa majuma 58 hivi, yaani mwaka na kitu. Lakini ikiwa zamu ya jioni inamnyima siku moja kati ya hizo mbili, atamaliza kwa majuma 117, yaani zaidi ya miaka miwili, na katika miaka hiyo atasahau mengi ya yale aliyoyasoma mwanzo. Mwajiri aliyelipa ada bila kuigusa zamu amemnunulia mtu tiketi ya safari asiyoweza kuifika. Na anayefeli kwa kukosa darasa hubaki na deni la ada hali cheti hana.

Kwa hivyo barua njema huanza na muda, kisha ada. Na muda huombwa kwa siku na saa. Msimamizi akisoma maneno "naomba nipewe muda wa kusoma", huona mbele yake pengo lisilo na mwisho katika orodha ya zamu. Akisoma "naomba zamu ya asubuhi Jumanne na Alhamisi kwa majuma 11", huona mambo mawili ya kupanga. Swali lake la kwanza halitakuwa kama Kijerumani kina faida. Atauliza nani atasimama mezani saa hiyo, na barua inayolijibu swali hilo kabla halijaulizwa ndiyo isomwayo hadi mwisho.

Majira nayo yana neno. Mwezi wa Desemba hadi Machi hoteli zetu hujaa, na Julai na Agosti wageni hurudi. Kati ya hapo, Aprili hadi Juni, ni masika: vyumba huwa vitupu, na wafanyakazi wengi hupelekwa likizo. Anayeomba kubadilishiwa zamu Januari anaomba chakula msibani. Dada yetu amechagua mtihani wa Juni, na barua yake ameipeleka mapema Februari, kabla orodha ya masika haijapangwa. Kuwahi huko kuna faida nyingine: ada hulipwa wakati wa kujiandikisha, na nafasi za mtihani hujaa. Anayengoja jibu la ofisi hadi mwezi wa mtihani aghalabu hukuta mlango umefungwa.

Tumeiandika barua yenyewe hivi. Kama ofisi yenu huandikiana kwa Kiingereza, ifasirini, lakini mpangilio uwe huu huu.

2 Februari

Kwa: Meneja wa Wafanyakazi
Kupitia: Msimamizi wa Mapokezi

Bi. Meneja,

MINT: OMBI LA ZAMU ZA MASOMO NA MSAADA WA ADA YA MTIHANI WA KIJERUMANI

Nimekuwa mhudumu wa mapokezi katika hoteli hii kwa miaka mitatu. Nimemaliza kiwango cha A2 cha Kijerumani kwa gharama yangu, na sasa ninasoma B1. Nimekusudia kufanya mtihani wa B1 wa Taasisi ya Goethe, Nairobi, mwezi wa Juni. Cheti cha A2, barua ya mwalimu wangu na tangazo la tarehe na ada ya mtihani nimeviambatisha.

Katika majuma manne ya Januari niliandika kila mara mgeni alipolazimika kungoja mapokezi hadi aitwe mwenzetu wa idara nyingine anayejua Kijerumani. Ilitokea mara 17. Orodha hiyo pia nimeiambatisha, pamoja na saa na haja ya kila mgeni.

Ombi langu la kwanza ni zamu. Darasa langu ni la mtandaoni, Jumanne na Alhamisi, saa kumi kasorobo alasiri hadi saa kumi na mbili jioni. Naomba kupangiwa zamu ya asubuhi, inayokwisha saa tisa alasiri, katika siku hizo mbili, kwa majuma 11 kuanzia juma la kwanza la Aprili. Mwenzangu wa zamu ya jioni amekubali kubadilishana nami, nami nitachukua zamu zake za jioni za Jumamosi na Jumapili. Ametia sahihi chini ya barua hii. Saa zangu za kazi kwa juma hazitapungua.

Ombi la pili ni siku tatu za mtihani. Siku mbili za safari ya kwenda na kurudi zikatwe katika likizo yangu ya mwaka. Siku moja ya mtihani naomba iwe ruhusa yenye malipo. Ikiwa sehemu ya kuzungumza itapangiwa siku nyingine, siku ya ziada nayo ikatwe katika likizo yangu.

Ombi la tatu ni ada, shilingi 20,000. Naomba hoteli inilipie ada hiyo wakati wa kujiandikisha, kwa masharti yafuatayo. Nitarudisha shilingi 10,000 kwa kukatwa 2,500 kila mwisho wa mwezi, kuanzia Mei hadi Agosti. Shilingi 10,000 zilizobaki hoteli inisamehe kwa kadiri ya kufaulu kwangu: shilingi 2,500 kwa kila sehemu ya mtihani nitakayopata alama 60 au zaidi. Kwa sehemu nisiyofaulu, nitaendelea kukatwa 2,500, na kurudia sehemu hiyo itakuwa gharama yangu. Nauli na malazi ya Nairobi nitajilipia.

Nikifaulu, nitakuwa tayari kupokea simu na barua za wageni wanaosema Kijerumani, na kuandika kwa lugha hiyo karatasi ya maelezo inayowekwa vyumbani. Nitaendelea na kazi kwa muda usiopungua miezi 12 baada ya mtihani. Nikiacha kwa hiari yangu kabla ya hapo, nitarudisha sehemu ya msamaha inayolingana na miezi iliyobaki. Nikipunguzwa kazi kwa sababu isiyo yangu, naomba nisidaiwe msamaha huo, na salio la mkopo lisikatwe lote kwa mara moja.

Naomba jibu kabla ya mwisho wa Februari ili nipate kujiandikisha kwa wakati.

Wako mwaminifu,
(Sahihi, jina na nambari ya kazi)

Hiyo ndiyo barua, na haizidi kurasa mbili. Sasa tuyatazame mambo matatu ndani yake ambayo yanaweza kuwapita wasomaji.

La kwanza ni ile orodha ya mara 17. Barua nyingi husema kwamba lugha itaongeza heshima ya hoteli na kuwavutia wageni. Meneja amesikia maneno hayo mara nyingi na hana la kuyafanyia. Orodha ya mwezi mmoja, iliyoandikwa papo hapo kwa saa na haja ya mgeni, ni kitu anachoweza kukichukua hadi kwa mkuu wake. Anayetaka kuandika barua Februari aanze kuandika orodha yake Januari, na aandike kilichotokea tu. Ikiwa ni mara nne, ziwe nne. Meneja atawauliza wengine wa mapokezi, na orodha ya uongo ikigunduliwa huondoka na ombi zima.

La pili ni hesabu ya ada. Tumezigawa shilingi 10,000 za msamaha kwa sehemu nne za mtihani, ndiyo tukapata 2,500 kwa kila sehemu. Tuseme dada yetu amefaulu kusoma, kusikiliza na kuzungumza, akapata alama 52 katika kuandika. Kufikia Agosti amekwisha kurudisha 10,000. Amesamehewa 7,500 kwa sehemu tatu, zimebaki 2,500, naye atakatwa Septemba kisha deni limekwisha. Angalikuwa ameahidi kwa neno moja tu, "nikifaulu", hapo pangezuka mvutano: ofisi ingesema hakufaulu, naye angesema amefaulu robo tatu. Na lau angeanguka zote nne, angekatwa hadi Desemba, miezi minane, jumla 20,000. Ni vyema familia ikae iitazame hesabu hiyo ya mwisho kabla barua haijapelekwa. Ikiwa nyumba haiwezi kuvumilia kupungukiwa na 2,500 kwa miezi minane, kiasi kipunguzwe na miezi iongezwe.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu mwajiri kukata mshahara kulipa mkopo aliompa mfanyakazi, lakini lazima pawe na makubaliano ya maandishi, na makato hayo yasizidi nusu ya mshahara unaobaki baada ya makato mengine. Basi makubaliano ya mdomo hayamfai yeyote kati ya wawili hawa. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Aombe pia iandikwe wazi kwamba mkopo huu hauna riba, yaani anarudisha kiasi kile kile kilicholipwa.

La tatu ni likizo. Sheria hiyo humpa mfanyakazi siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12. Haitaji likizo ya mtihani. Kwa hivyo siku ya mtihani inaombwa, haidaiwi. Ndiyo maana dada yetu ametoa siku mbili zake mwenyewe akaomba moja tu. Lakini aliye chini ya mkataba wa pamoja wa chama cha wafanyakazi, kama kile cha KUDHEIHA kwa wa mahoteli, na ausome mkataba huo kwanza. Mikataba ya namna hiyo yaweza kuwa na ruhusa za masomo ambazo mfanyakazi hazijui, na si busara kuomba kwa unyenyekevu kitu ambacho tayari ni chako.

Tuje kwenye jibu. Meneja akikataa ada akakubali zamu, jibu hilo lipokewe kwa shukrani, kwa sababu zilizotajwa hapo juu: majuma 11 yenye vipindi sita ni vipindi 66, na hivyo havinunuliki kwa shilingi 20,000. Ada inaweza kutafutwa kwa chama cha akina mama au kwa ndugu. Zamu hutoka kwa msimamizi pekee.

Akikubali yote, aghalabu ofisi italeta karatasi yake ya kutiwa sahihi. Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo twaomba asiende peke yake wala asitie sahihi siku ile ile. Aichukue nyumbani aisome pamoja na mtu anayemwamini. Atazame muda anaofungwa: miezi 12 kwa msaada wa shilingi 10,000 ni mizani, miaka mitatu si mizani. Atazame fedha atakazodaiwa akiondoka: zisizidi zile hoteli ilizotoa, na zipungue kila mwezi anaoendelea kufanya kazi. Aliyesamehewa 10,000 akaacha kazi baada ya miezi 9 amebakiza robo ya muda, basi atarudisha 2,500. Na ikiwa karatasi inasema cheti cha mtihani, kitambulisho au pasipoti vitawekwa ofisini, asikubali. Ofisi hupewa nakala. Cheti asilia ni cha aliyefanya mtihani, na hukaa nyumbani kwake.

Limebaki neno moja, nalo ni zito kuliko haya yote. B1 ya Kijerumani ndiyo pia hutakiwa mara nyingi kwa vijana wanaotaka kwenda Ujerumani kwa mafunzo ya kazi. Mameneja wanalijua hilo, na meneja atakayesoma barua hii atajiuliza kama anamlipia mtu nauli ya kuondoka. Ile ahadi ya miezi 12 imewekwa kumjibu. Lakini ahadi hiyo ina thamani ikiwa ni ya kweli tu. Binti aliyekwisha kutuma maombi ya kwenda Ujerumani, anayengoja cheti ili aondoke Septemba, asiipeleke barua hii. Kwenda si kosa, na kujitafutia maisha si aibu. Yeye na aombe zamu tu, bila ada, aseme wazi kwamba masomo ni yake binafsi, na siku za mtihani zote zikatwe katika likizo yake. Atakayekuja baada yake kwenye meza ile ile ya mapokezi, akiwa na haja ya kweli na nia ya kubaki, atakuta mlango haujafungwa kwa sababu yake.

Anayetaka kuipeleka barua, basi apange hivi: orodha ya wageni mwezi mmoja kabla, kisha azungumze na mwenzake wa zamu apate sahihi yake, kisha amwonyeshe msimamizi wake rasimu kabla ya meneja kuiona, kwa kuwa msimamizi aliyerukwa ndiye huwa wa kwanza kupinga, kisha aipeleke nakala mbili, moja ibaki ofisini, moja igongwe muhuri wa kupokewa airudishe nyumbani. Nakala hiyo yenye muhuri na tarehe ihifadhiwe pamoja na stakabadhi ya ada hadi makato ya mwisho yatakapokwisha.